Kochi la Kuazima, Ukuta wa Maboksi: Uchambuzi wa Kisa cha Jukwaa la Shule Moja ya Pwani

Kisa hiki kilitokea katika shule ya sekondari ya kutwa kwenye mji wa pwani ya kaskazini ya Tanzania. Jina la shule, majina ya wahusika na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa. Nilishiriki kama fundi wa jukwaa niliyeombwa na mwalimu msimamizi kuwasaidia wanafunzi kupanga mandhari. Maamuzi walifanya wao na mwalimu wao. Nimeyaandika kwa ajili ya walimu na vikundi vya maigizo vyenye bajeti ndogo, hasa wale wanaotegemea samani za majirani.

## Usuli

Mchezo ulitungwa na wanafunzi wenyewe wa Kidato cha Tatu ili uonyeshwe siku ya mahafali ya Kidato cha Nne, mwezi wa Oktoba. Unahusu ndugu watatu wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao, na baba mdogo anayejifanya mpatanishi huku akiitaka nyumba hiyo kwa siri. Una sehemu mbili tu: sebule ya marehemu na ofisi ya mtendaji wa kata. Hadithi inatoka sebuleni, inakwenda ofisini, kisha inarudi sebuleni. Muda wake ni kama dakika 50.

Ukumbi ulikuwa bwalo la shule. Jukwaa lake ni la zege, upana mita 6, kina mita 4, urefu wa sentimita 60 kutoka sakafuni. Halina pazia la mbele. Ukutani nyuma kuna madirisha mawili ya nondo yasiyo na vioo, na pembeni kushoto kuna mlango mwembamba unaokwenda stoo. Mahafali hufanyika mchana, kwa hiyo hakukuwa na giza la kuficha mabadiliko ya mandhari, wala taa za jukwaani.

Fedha zilizotengwa zilitosha rangi ya maji, unga wa gundi, misumari, fito chache na nauli ya guta. Kila kitu kingine kilipaswa kupatikana bure: maboksi kutoka madukani, vitambaa na samani kutoka majumbani kwa wanafunzi.

## Mpango ulivyoanza

Mwanzoni kikundi kilifanya kama vikundi vingi vinavyofanya. Waliorodhesha kila kitu kilichotajwa kwenye mchezo, kisha kila mwanafunzi akaambiwa aulize nyumbani. Orodha ilikuwa na kochi la watu watatu, viti viwili vya mto, meza ya chini, kabati la vyombo, saa ya ukutani, meza na kiti vya ofisi, benchi la wanaosubiri na kabati la mafaili.

Baada ya siku chache majibu yalikuja kwa wingi kuliko nafasi. Makochi peke yake yalikuwa matano. Wazazi walikuwa wameitikia kwa moyo, na sasa ilibidi wengine waambiwe kwamba vitu vyao havitachukuliwa. Mwalimu aliona mapema kwamba hilo lingeweza kuleta kinyongo, akazuia mtu yeyote asijibu chochote hadi vipimo vichukuliwe. Uamuzi huo mdogo ulisaidia sana, kwa sababu baadaye kila aliyekataliwa aliambiwa sababu inayoonekana: kochi halipiti, au meza inafunika njia ya waigizaji.

Wanafunzi wawili walitumwa nyumba kwa nyumba na utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Walipima urefu, kina na kimo cha kila kitu, wakaandika pia mambo mawili ambayo niliwaomba: nani mwenye kitu hicho hasa, na familia itakalia nini kikiondoka. Swali la kwanza lilifichua kwamba kochi moja lilikuwa la mwenye nyumba, wapangaji wakilitumia tu. La pili lilifichua kwamba familia moja ilikuwa imeahidi viti vyake vyote. Mtoto ndiye aliyeahidi. Mama yake aliposikia alisema tu, "Basi tutakaa mkekani, mwanangu, si siku nyingi." Viti hivyo havikuchukuliwa.

Kisha wakachora jukwaa kwenye karatasi ya miraba, sentimita 1 ikiwakilisha sentimita 25. Jukwaa zima likawa sentimita 24 kwa 16, likaenea kwenye ukurasa mmoja wa A4. Kila samani ikakatwa kwa karatasi ya rangi kwa kipimo hichohicho. Kochi lililokuwa likipendelewa, lenye urefu wa sentimita 190 na kina cha 85, likawa kipande cha sentimita 7.6 kwa 3.4. Sasa waliweza kusogeza sebule nzima kwa kidole badala ya kubishana kwa maneno.

## Mlango wa stoo uliamua muundo wote

Kipande cha kochi kilipowekwa kwenye ramani, tatizo lilijitokeza lenyewe. Mlango wa stoo una upana wa sentimita 75, na kochi lina kina cha 85. Hata likisimamishwa upande lisingepita, kwa sababu nyuma ya mlango kuna ukuta unaokata kona. Ingelazimu lipitishwe mlango mkubwa wa bwalo, lipandishwe jukwaani na watu wanne kabla wageni hawajaingia, na libaki humo hadi mwisho. Kwa hiyo kochi lingekuwepo pia kwenye ofisi ya mtendaji.

Hapo ndipo wazo bora la mpango huu lilipozaliwa, na lilitoka kwa msichana aliyekuwa msimamizi wa jukwaa. Alisema kochi ligeuzwe mgongo kwa watazamaji, mgongo ule uvishwe kipande cha boksi kilichochorwa kama mbao, na liwe kaunta ya ofisi. Mtendaji angesimama nyuma yake, na wananchi mbele. Mgongo wa kochi ulikuwa na kimo cha sentimita 88, na kipande cha boksi kingeongeza hadi 100, kimo kinachokaribia kaunta halisi.

Kwa kuwa sakafu ni ya saruji, walipanga kufunga vipande vya blanketi kuukuu kwenye miguu ya kochi. Watu wawili waliweza kuligeuza kwa kulitelezesha, bila kulinyanyua na bila kukwaruza miguu.

Orodha ya samani za kuazima ikapungua mara moja. Meza ya ofisi haikuhitajika tena, wala benchi. Kabati la mafaili lingekuwa maboksi matatu yaliyopangwa na kupakwa rangi ya kijivu. Vilivyobaki vya kuazima vikawa kochi, viti viwili, meza ya chini, saa na kabati la vyombo.

## Kuta za maboksi

Kwa kuta, kikundi kilichagua viambaza vitatu, kila kimoja kikiwa na paneli mbili zilizounganishwa kama kitabu. Kila paneli ilikuwa na kimo cha mita 2 na upana wa mita 1. Kitabu kilichofunguliwa nusu husimama chenyewe, na ndiyo sababu hawakuhitaji kupigilia kitu kwenye zege. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa sebule, krimu juu na kijani kizito chini, kama nyumba nyingi za mjini zinavyopakwa. Upande wa pili ulikuwa ukuta wa ofisi, bluu na nyeupe. Kubadili mandhari kulikuwa ni kukunja kiambaza, kukigeuza na kukifungua.

Maboksi yalitoka kwenye duka la friji na la televisheni. Boksi likichanwa kidogo pembeni huonekana mifereji midogo katikati ya karatasi mbili. Mifereji hiyo ikisimama wima, boksi hubeba uzito wake bila kujikunja, na ikilala, huinama kiunoni baada ya muda. Wanafunzi waligandisha tabaka mbili kwa kila paneli, moja mifereji wima na nyingine ya kulala, kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa hadi ikawa nzito kama uji wa mgonjwa. Pembeni walizungushia fito. Bawaba zilikuwa vipande vya shuka kuukuu, vikagandishwa pande zote mbili na kushonewa kwa uzi wa katani. Kati ya paneli na paneli waliacha mwanya wa vidole viwili, ili kiambaza kiweze kukunjika pande zote.

Hitilafu ya kwanza ilitokea kwenye rangi. Walipaka upande wa sebule Ijumaa jioni wakaenda nyumbani, wakiwa na nia ya kupaka upande wa ofisi Jumatatu. Jumatatu paneli zote sita zilikuwa zimepinda, kingo zimeingia ndani kuelekea upande uliopakwa. Karatasi yenye unyevu hutanuka, na ikikauka husinyaa na kuvuta. Ikilowa upande mmoja tu, hakuna kinachovuta kutoka upande wa pili. Na hewa ya Oktoba pale pwani, mvua za vuli zikikaribia, huchelewesha ukaukaji.

Tiba ilikuwa kupaka upande wa nyuma siku hiyohiyo kwa rangi iliyozimuliwa sana kwa maji, kulaza paneli juu ya meza za bwalo na kuzikandamiza kwa madawati hadi asubuhi. Nne zilinyooka vya kutosha. Mbili hazikunyooka, zikaongezewa ufito wa mshazari. Ufito huo ulionekana upande wa ofisi, wakauchora kama bomba la waya za umeme, na ulipendeza.

Namna rahisi ya kugundua kupinda mapema ni kuweka jicho kwenye ukingo wa paneli na kuutazama kwa urefu wake, kama fundi seremala anavyokagua ubao. Kasoro isiyoonekana ukiwa mbele ya ukuta huonekana mara moja ukitazama hivyo.

## Vitambaa

Madirisha mawili ya nyuma yalimwaga mwanga wa mchana moja kwa moja machoni kwa watazamaji. Mwigizaji akisimama katikati, uso wake ulikuwa mweusi tu. Kitambaa kimoja cha marekani kilichotundikwa dirishani hakikusaidia, kwa kuwa kilishika mwanga kikang'aa kuliko mwanzo. Walipotundika vitenge vizito viwili, kimoja nyuma ya kingine, nyuso zikaanza kuonekana. Mwanga uliobaki ulitoka madirisha ya pembeni ya bwalo, na ulitosha.

Kwa mapazia ya sebule baadhi ya wazazi walitoa kanga nzuri. Mwalimu alizishukuru lakini akazitumia kwenye maleba tu, zikiwa zimekunjwa kiunoni. Kanga ikitundikwa wazi ukutani, kila mama ukumbini ataisoma jina lake, na maneno hayo yataingia kwenye mchezo bila mwandishi kuyaalika. Katika mchezo wa ugomvi wa ndugu, hilo lingeweza kuleta tafsiri isiyokusudiwa. Mapazia yakawa ya kitambaa kisicho na maandishi.

Kitambaa kilichokuwa na kazi kubwa kuliko vyote ni foronya la kochi, lakini halikuwepo kwenye mpango wa kwanza. Sababu ya kuongezwa kwake inaelezwa hapa chini.

## Mfululizo wa matukio ya wiki ya mwisho

Mazoezi yote hadi hapo yalifanyika bila samani hata moja ya kuazima. Mahali pa kochi paliwekwa madawati mawili yaliyosogezwa ndani ya mstari wa utepe wa karatasi uliobandikwa sakafuni kwa kipimo halisi. Walianza na chaki, lakini chaki ilifutika kila bwalo lilipofagiwa. Waigizaji walizoea umbali, na samani za watu hazikukaa shuleni wiki nzima zikikaliwa na kila mpita njia.

Siku nne kabla ya mahafali, wanafunzi walijazwa kwenye mabenchi ya bwalo ili waigizaji waone wanavyotazamwa. Mwalimu na mimi tulikaa benchi la mwisho. Kutoka pale, karibu kila kitu kilichokuwa chini ya kiuno cha mwigizaji aliyesimama kilimezwa na vichwa vya watu. Meza ya chini haikuonekana kabisa, na ndipo palipowekwa bahasha ya wosia, kitu ambacho hadithi nzima inakizunguka. Bahasha ikahamishiwa juu ya kabati la vyombo, kwenye kimo cha macho. Meza ya chini ilibakizwa kwa sababu mhusika mmoja anamwaga chai juu yake, lakini ilibadilishwa ikawa boksi lililofunikwa kitambaa. Familia iliyoahidi meza yake ilijulishwa, na ikafurahi kutomwagiwa chai.

Siku hiyohiyo kilitokea jambo jingine. Kochi lilikuwa limeletwa kwa saa chache ili wajaribu kuligeuza. Baba mdogo mlafi alipojitupa juu yake, wanafunzi kwenye mabenchi walipiga kelele, wakataja jina la mwenzao mwenye kochi. Waliendelea kucheka hadi mwisho wa onyesho la majaribio. Walilijua kochi lile kwa sababu wamewahi kulikalia. Katika mji mdogo samani ina sura ya mtu, na mhusika mbaya akiikalia, watu huunganisha. Mwalimu akaagiza foronya la kitambaa kimoja cha kahawia lifunike kochi lote, na jingine dogo kwa kila kiti. Vilishonwa na mzazi mmoja fundi cherehani kwa kipimo kilichozidi pande zote, vikafungwa chini kwa kamba.

Siku mbili kabla, familia yenye kochi ilipata msiba kwa ndugu wa karibu. Watu walianza kukusanyika nyumbani kwao, na kochi lilihitajika. Hakuna aliyefikiria kuwauliza kama bado lingepatikana. Mwalimu aliwatumia ujumbe wa pole na kuwaambia wasihangaike, kisha wanafunzi wakaenda msibani kusaidia kupanga viti. Kochi la akiba lilitoka kwa familia ya pili kwenye orodha. Lilikuwa na urefu wa sentimita 215 na mikono ya mviringo.

Uso wa kaunta ulikuwa tayari umekatwa kwa sentimita 190. Sentimita 25 zilizobaki zilionekana wazi pembeni. Hakukuwa na muda wa kuandaa boksi jipya, kulipaka na kulikausha. Foronya ndilo lililookoa: kwa kuwa lilikuwa na ziada, lilifika mwisho wa kochi refu, na pande zote mbili za uso wa kaunta yakateremshwa mabango ya kitambaa cheupe kama yale ya matangazo yanayoning'inizwa maofisini. Ukumbini hakuna aliyejua kwamba kaunta ilikuwa fupi.

Samani zililetwa alasiri ya siku moja kabla. Kila kimoja kilipigwa picha nyumbani kwa mwenyewe kabla ya kutolewa, mbele, nyuma na kwenye kila mkwaruzo uliokuwepo tayari, mwenyewe akishuhudia. Daftari lilikuwa na jina la kitu, jina la mtu mzima aliyeruhusu, hali yake, na jina la mwanafunzi aliyekibeba dhamana.

## Siku yenyewe

Onyesho lilikwenda vizuri. Kubadili sebule kuwa ofisi kulichukua chini ya dakika moja, waigizaji wenyewe wakigeuza viambaza huku kwaya ikiimba pembeni. Upepo ulipoingia mchana, kiambaza kimoja kiliyumba lakini hakikuanguka, kwa kuwa kila mguu ulikuwa umelaliwa na mfuko wa mchanga wa kilo tatu hivi.

Palipoumia ni kwenye kabati la vyombo. Kabati halingeweza kuvishwa foronya, kwa sababu kazi yake yote ni kuonekana vyombo. Lilikuwa zuri, la mninga, lenye vioo na vikombe vyenye maua vilivyojulikana mtaa mzima. Hadithi inaporudi sebuleni, mhusika mmoja analielekeza kidole na kusema vitu vyote vya nyumba ile vilipatikana kwa dhuluma. Mstari huo ulikuwepo tangu mwanzo, na ulisemwa mara nyingi mazoezini mbele ya rundo la maboksi. Uliposemwa mbele ya kabati lenyewe, wanawake wa safu za kati waligeuka wakamtazama mwenye kabati. Wachache walicheka. Mama huyo alitabasamu, akajifunika vizuri mtandio, na hakumtazama mtu hadi mchezo ulipoisha. Mtoto wake alikuwa mmoja wa waigizaji, na aliliona hilo lote kutoka jukwaani.

Jioni, samani zilirudishwa. Wabebaji walikuwa wamechoka, giza linaingia, na dereva wa guta alikuwa na haraka. Kabati lililazwa badala ya kusimamishwa, na kioo kimoja kikapasuka. Mama yule alisema, "Haina neno, ni kioo tu." Mwalimu hakulichukua neno hilo kama ruhusa. Kesho yake asubuhi alikwenda yeye mwenyewe na fundi vioo, wakapima, na kioo kipya kikawekwa siku hiyohiyo kwa fedha zilizosalia za nauli. Kuhusu ule mstari alimwomba radhi faraghani, akiwa peke yake naye, bila kumtuma mwanafunzi.

## Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni kuanza na kitu kisichokatika. Boksi unalikata, kitambaa unakikunja, lakini kochi la mtu hulipunguzi hata sentimita. Mpango ulipoanza na vipimo vya samani na vya mlango, maboksi na vitambaa vilifuata bila ugomvi. Vikundi vingi hufanya kinyume: hupaka kuta kwanza kwa sababu ndiyo kazi ya kufurahisha, halafu hugundua siku ya mwisho kwamba kabati linafunika mlango waliouchora.

Hata hivyo, kikundi kilichukulia vipimo vya kochi moja kama vipimo vya makochi yote. Walikuwa na kochi la akiba lakini hawakuwa na ramani ya akiba. Ingetosha kukata kipande cha pili cha karatasi na kukijaribu kwenye ramani, kazi ya dakika chache, na uso wa kaunta ungekatwa vipande viwili vinavyopishana ili urefuke au ufupike. Kitu chochote cha boksi kinachoshikamana na samani ya kuazima kinapaswa kutengenezwa hivyo. Mwenye samani ana haki ya kuihitaji wakati wowote, na mara nyingi atakapoihitaji ni kwa jambo lisiloweza kuulizwa, kama lilivyokuwa hapa.

Kuhusu kabati, wengi waliozungumza nami baadaye walikumbuka kioo. Mimi naona kioo ni hasara ndogo, ililipwa ikaisha. Hasara kubwa ni ule mstari, na ulizuilika. Kikundi kiliuliza kila kitu kuhusu samani isipokuwa swali moja: mchezo unasema nini juu yake? Palipaswa kuwa na safu nyingine kwenye daftari, iandikwe kwa kusoma mchezo mzima kalamu mkononi. Nani anaikalia, nani anaipiga teke, nini kinamwagwa juu yake, na ni maneno gani yanasemwa kuihusu. Kochi lilifunikwa kwa sababu wanafunzi walicheka mapema, kwa bahati. Kabati halikuwepo siku ile ya majaribio, kwa hiyo hakuna aliyecheka, na hakuna aliyestuka.

Jibu la kiufundi kwa kabati lilikuwepo tangu mwanzo. Watazamaji wa karibu walikuwa umbali wa mita tatu. Kwa umbali huo, kabati la maboksi lenye kimo cha sentimita 160, upana wa 100 na kina cha 30 lingetosha. Milango yake hukatwa madirisha na kubandikwa nailoni ngumu inayong'aa ya kufungashia mashuka mapya, na rafu huwekewa fito ili zisilegee. Vyombo viwe vya bati, vya rangi mchanganyiko, kutoka nyumba mbalimbali, ili visiwe na mwenyewe mmoja machoni pa watu. Rafu ya chini haihitaji chombo chochote, kwa kuwa tulishaona benchi la nyuma haliioni. Mkono wa mwigizaji ukilielekeza, linabaki kuwa kabati la marehemu, halina mwingine.

Kurudisha samani kulipangwa vibaya kuliko kuzileta. Kwa kuleta kulikuwa na picha, majina na mwanga wa alasiri. Kwa kurudisha kulikuwa na haraka tu, ingawa vitu ni vilevile na njia ni ileile. Mwalimu aliogopa kuziacha bwaloni usiku bila mlinzi, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini stoo ilikuwa na kufuli, na viti na saa vingelala humo. Kochi na kabati, visivyopita mlango wa stoo, vingeweza kurudi jioni ileile vikiwa vitu viwili tu, na watu waliopumzika ambao hawakuigiza.

Viambaza navyo vilihifadhiwa kwa ajili ya mwaka unaofuata, vikiwa vimesimamishwa kwenye sakafu ya stoo. Gundi ya unga huvuta panya na mende, na ukuta wa stoo ulikuwa na njia ya mchwa. Miezi michache baadaye paneli za chini zilikuwa zimeliwa hadi kimo cha goti. Mbili zilizobaki nzima ni zile ambazo mtu alizitundika kwenye kenchi kwa kamba ili apate nafasi ya kuweka majembe.